Kaka, igeuze mashine unipigie picha ya chini

Matangazo ya laptopu za mtumba yanafanana. Mashine imefunguliwa, kioo kinawaka, na chini ya picha pameandikwa "ThinkPad T480, i5, 8/256, safi kabisa, haina tatizo." Aliye Dar es Salaam anapanda daladala hadi Kariakoo, anaishika, anaigeuza, anaiwasha, anaamua. Aliye Songea au Kigoma analipa kwa simu, mzigo unapandishwa basi, na anakuja kuijua mashine yake pesa ikiwa imeshatoka. Huyu wa pili ana njia moja tu ya kuigeuza mashine: kumwomba muuzaji aigeuze kwa niaba yake, kisha ampigie picha zinazosema kitu. Picha ya kioo kinachowaka haisemi kitu.

Nimechukua T480 ya Lenovo kuwa mfano kwa sababu ni mashine ya mwaka 2018 inayopendwa sana sokoni, na ina ndugu wawili wanaofanana nayo kiasi kwamba hata muuzaji mkweli huwachanganya. Wa kwanza ni T470, iliyoitangulia. Hiyo ina prosesa za kizazi cha 6 au cha 7, zenye viini viwili tu. T480 unayoitafuta ina prosesa ya kizazi cha 8, kama i5-8250U au i5-8350U, yenye viini vinne. Zote mbili huandikwa "i5" kwenye tangazo, na hakuna aliyesema uongo. Tofauti hiyo imezidi kuwa na uzito tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, ukiondoa chache sana za kizazi cha 7, na zile za kawaida za T470 hazimo.

Ndugu wa pili ni T480s. Herufi hiyo moja mwishoni ndiyo inayodondoka kwenye matangazo. T480s ni nyembamba na nyepesi, ina uzito wa kama kilo 1.3, wakati T480 ni kilo 1.6 na kuendelea kutegemea betri. Ila wembamba huo una gharama yake. T480 ina nafasi mbili za RAM zinazochomolewa, na betri mbili: moja ndani, na nyingine nyuma unayoitoa kwa mkono bila bisibisi. T480s ina nafasi moja tu ya RAM, kwani sehemu nyingine ya RAM imeunganishwa kwenye bodi moja kwa moja. Betri yake ni moja, nayo iko ndani.

Barua ya kumwomba muuzaji picha hizo ni hii. Inatoshea kwenye ujumbe wa simu, na nimeiandika kwa muuzaji ambaye si fundi.

*

Kaka, habari za kazi.

Nimeona tangazo lako la ThinkPad T480. Bei uliyotaja nimeikubali, sitakusumbua kwa kuipunguza. Mimi niko Songea, siwezi kuja dukani, kwa hiyo naomba picha tano ili nijue ni T480 yenyewe. Picha zikiwa sawa, nalipa leo hii na wewe unaitoa kwa basi la kesho.

Picha ya kwanza: funga laptopu, igeuze juu chini, upige sehemu yote ya chini kwa pamoja, kona nne zote zionekane.

Picha ya pili: hapohapo chini kuna lebo yenye maandishi madogo. Ipige kwa karibu. Nahitaji kusoma mahali palipoandikwa TYPE au MTM, ni herufi na namba zinazoanza na 20. Kuna namba nyingine imeandikwa S/N. Hiyo kama hupendi kuitoa yote kabla hatujamalizana, ziba herufi tatu za mwisho kwa kidole, nitaelewa. Ila ile ya MTM naomba iwe wazi yote. Pembeni ya lebo weka kikaratasi ulichoandika tarehe ya leo.

Picha ya tatu: ubavu wa kushoto, pale penye matundu ya kuchomeka vitu. Na ubavu wa kulia, ukiweza, kwa picha nyingine.

Picha ya nne: iwashe upya kwa kubonyeza Restart, si kuzima na kuwasha. Yakitokea maandishi ya Lenovo, bonyeza Enter, kisha F1. Utaona ukurasa wenye orodha ya maneno, juu yake pameandikwa Main. Upige kwa simu, usibonyeze kitu kingine. Kutoka ni Esc. Ikikuomba nenosiri hapo, usihangaike, nipigie picha hiyohiyo inayoomba nenosiri.

Picha ya tano: Windows ikishawaka, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika msinfo32, bonyeza Enter. Ukurasa utakaofunguka upige kwa simu ukiwa umerudi nyuma kidogo, nione na kibodi. Naomba isiwe picha ya skrini.

Ukiwa na muda wa jambo moja la ziada: nenda Settings, kisha System, kisha Display, unipigie panapoonyesha ukubwa wa kioo. Nataka kuona 1920 x 1080.

Picha zitume kama hati, zisije zikabanwa na maandishi yakapotea. Natanguliza shukrani, kaka. Nikipokea zote nitakujibu ndani ya saa moja, ama nalipa ama nakuambia kwa nini siwezi.

Mteja wako, Songea.

*

Kabla ya picha zenyewe, angalia barua ilivyoanza. Bei imekubaliwa na malipo yameahidiwa kabla ya kuombwa chochote. Muuzaji wa Kariakoo siku nzima anapokea ujumbe wa "bado ipo?" na "mwisho bei gani?" kutoka kwa watu wasionunua. Anayeomba picha tano bila kuonyesha kuwa ana pesa atajibiwa "njoo dukani uione." Ukitaka punguzo, liombe kabla ya kutuma barua hii. Ukilidai baada ya kumpa mtu kazi ya kuwasha na kuzima mashine, umemchokoza. Na maombi yote yaje kwa mkupuo mmoja. Picha moja asubuhi na nyingine jioni humfanya muuzaji akate tamaa kwenye ile ya tatu, ambayo ndiyo ulikuwa ukiihitaji.

Sasa picha ya chini. T480 ina betri ya nyuma, na betri hiyo inashikwa na vikufuli viwili vya kusukuma kwa kidole, kimoja kila upande. Ukiviona, hiyo si T480s, kwa sababu T480s upande wa chini haina betri ya kutoa. Bado inaweza kuwa T470, kwani nayo ina betri ya namna hiyo. Kwa hiyo picha ya kwanza inaondoa ndugu mmoja, anabaki mwingine.

Huyo mwingine anaondolewa na ubavu wa kushoto. T470 huchajiwa kwa tundu lile la zamani la Lenovo, la umbo la mstatili, ingawa inakubali pia chaji ya USB-C. T480 imeliacha kabisa tundu hilo: inachajiwa kwa USB-C peke yake, na matundu yake mawili ya USB-C yamekaa jirani upande wa kushoto. Ukiona tundu la mstatili la chaji, unachokitazama si T480, hata kama stika iliyobandikwa karibu na kibodi inasema vingine. Stika hizo za Intel huuzwa rejareja na kubandikwa na yeyote. Hata jina la modeli linaloonekana kwenye fremu ya kioo linakaa juu ya kipande cha plastiki ambacho hubadilishwa kioo kikivunjika. Ndiyo maana barua haikuomba picha ya stika wala ya fremu.

Lebo ndiyo yenye jina kamili. Lenovo huipa kila familia ya mashine namba ya tarakimu na herufi nne, na hizo nne za mwanzo ndizo zinazokata ubishi. T480 ni 20L5 au 20L6. T480s ni 20L7 au 20L8. T470 ni 20HD au 20HE, na zile zenye prosesa za kizazi cha 6 ni 20JM au 20JN. Kariri nne tu za kwanza, 20L5 hadi 20L8, na ukumbuke kwamba mbili za awali ndizo nene na mbili za baadaye ndizo nyembamba. Hapo umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Baada ya zile nne kuna herufi na namba sita nyingine, na hizo zinaeleza mashine ilitoka kiwandani na nini ndani yake. Ziandike zote kumi kwenye tovuti ya Lenovo ya psref.lenovo.com, na kwa modeli nyingi utapata prosesa, RAM, kioo na betri ilivyouzwa ikiwa mpya. Isipokuwa ukikuta sita hizo ni CTO1WW. Maana yake ni kwamba kampuni iliyoinunua mara ya kwanza ilijichagulia sifa zake, na mashine elfu zenye lebo hiyohiyo zinaweza kutofautiana ndani. Mitumba mingi iliyotoka maofisini Ulaya na Marekani ni ya namna hii. Hapo MTM inakuhakikishia familia tu. Kujua kilichowekwa kiwandani kunahitaji S/N nzima, ambayo unaiandika kwenye pcsupport.lenovo.com.

Na hapo ndipo muuzaji anaposita. Ana sababu zake: ametangaza mashine hiyo sehemu nyingi, na S/N ikishazagaa mtu mwingine anaweza kuitumia kwenye tangazo la uongo au kudai kwamba mashine ni yake. Mwache azibe herufi tatu. Kitakachobaki hakitakupa sifa za kiwandani, lakini kinatosha kulinganisha lebo na picha ya nne, na kulinganisha mashine utakayopokea na ile uliyoonyeshwa. Asiyetaka kuonyesha hata MTM, ambayo haimtambulishi mtu wala mashine moja, huyo achana naye.

Nikae kidogo kwenye namna ya kuipiga lebo, maana hapa ndipo barua nyingi zinaposhindwa ingawa muuzaji ana nia njema. Maandishi ni madogo, rangi ni kijivu juu ya weusi, na sehemu hiyo imeshachubuka kwa kuburuzwa mezani. Mpigaji huisogeza simu hadi karibu kabisa, kamera inashindwa kuona vizuri, kisha anawasha taa ya simu na lebo inageuka doa jeupe. Mwambie aisogeze mashine kwenye mwanga wa mlangoni, azime taa ya simu, ashike simu kama sentimita 20 hivi juu yake, avute picha kwa vidole hadi lebo ijaze kioo, kisha aguse lebo kwenye kioo cha simu ili kamera iitazame hiyo. Kama maandishi bado yanang'aa, ainamishe laptopu kidogo badala ya kuinamisha simu. Lebo ikiwa imefutika kabisa, hilo halimaanishi wizi. Ina maana tu kwamba mzigo wote unahamia picha ya nne.

Kwa picha ya nne, ile ya BIOS, ningekubali kukosa nyingine zote. Lebo imebandikwa kwenye mfuniko, na mfuniko unashikwa na skrubu. Fundi akiwa na mashine mbili mbovu na akitaka kupata moja nzima, mfuniko wa moja utakaa juu ya bodi ya nyingine, na lebo itasimulia habari za mashine ambayo haipo tena. BIOS inasoma kilichoandikwa kwenye bodi yenyewe. Kwenye ukurasa wa Main, tafuta mistari minne tu.

```
UEFI BIOS Version
Machine Type Model
System-unit serial number
CPU Type
```

Machine Type Model inapaswa kuwa sawa na MTM ya lebo, na serial number sawa na S/N ya lebo kwa zile herufi zisizozibwa. CPU Type inakupa jina kamili la prosesa. Kwenye jina hilo tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-7300U ni cha 7.

Mstari wa toleo la BIOS watu huuruka, na ndio mgumu zaidi kuchezewa. Toleo la BIOS la ThinkPad huanza na msimbo wa bodi ambayo liliandikiwa. T480 huanza na N24ET. T480s huanza na N22ET. T470 huanza na N1QET. Mtu anaweza kuandika upya jina la modeli kwenye bodi kwa vifaa vya fundi. Lakini BIOS ya N24 si ya kuwekwa kwenye bodi ya T470 mashine ikaendelea kuwaka kama kawaida. Ukisoma N24 kwenye picha, una bodi ya T480, hata kama lebo imechakaa kiasi cha kutosomeka.

Mambo mawili yanaweza kutokea kwenye ukurasa huo, nayo yasikutie hofu kabla ya kuyaelewa. La kwanza ni neno INVALID mahali pa modeli au namba ya mashine. Maana yake bodi ilibadilishwa, na aliyeibadilisha hakuandika upya utambulisho wa mashine. Laptopu inaweza kufanya kazi vizuri, ila historia yake imekatika hapo, na bei inapaswa kuonyesha hivyo. La pili ni ile picha inayoomba nenosiri baada ya F1. Hilo ni nenosiri la msimamizi lililoachwa na kampuni ya awali. Windows itawaka, utaandika barua zako, lakini hutaweza kubadilisha mipangilio ya ndani. Msimamo wa Lenovo ni kwamba nenosiri hilo likipotea, dawa ni kubadilisha bodi. Muuzaji akikuambia "hiyo haina shida, we tumia tu," elewa kwamba umeuziwa nyumba yenye chumba kimoja kilichofungwa, na funguo ziko Ulaya.

Picha ya tano ni ya kuthibitisha tu. Kwenye ukurasa wa msinfo32 kuna System Model, ambayo itaonyesha tena ile namba inayoanza na 20L, na kuna System SKU, ambayo kwa T480 halisi husomeka hivi:

```
LENOVO_MT_20L5_BU_Think_FM_ThinkPad T480
```

Jina zima limo humo, pamoja na "s" kama ipo. Nimeomba ipigwe kwa simu badala ya picha ya skrini kwa sababu mbili. Picha ya skrini inaweza kutoka kwenye mashine yoyote, hata ya jirani. Na Windows inahifadhi jina la prosesa inaloonyesha kwenye kurasa zake mahali ambapo mjanja anaweza kuliandika upya, likadumu hadi mashine iwashwe tena. Picha inayoonyesha kioo, kibodi na kidole cha mpigaji ni ngumu zaidi kuitunga, na ikilinganishwa na BIOS uongo hauna pa kujificha.

Kuhusu ukubwa wa kioo, ombi lile la ziada si la kupamba barua. T480 iliuzwa pia na kioo cha 1366 x 768, na jina kwenye lebo ni lilelile. Kioo hicho ukikitazama kwa pembeni rangi zinageuka, na maandishi yake ni makubwa na machache. Kwa anayeandika au kufanya mahesabu siku nzima, tofauti yake na 1920 x 1080 ataiona kila anapoifungua mashine.

Tuchukue jibu moja tulisome. Muuzaji ametuma picha zote jioni hiyohiyo. Picha ya chini ni safi, lakini vikufuli vya betri havionekani. Mfuniko ni mmoja kuanzia mbele hadi nyuma. Lebo inasomeka 20L7CTO1WW, na S/N imezibwa mwishoni. BIOS inasema N22ET, modeli 20L7CTO1WW, prosesa i5-8350U, na namba ya mashine inalingana na lebo. Kwenye msinfo32 jina linamalizikia ThinkPad T480s. Kioo ni 1920 x 1080.

Picha zote zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Kisichokubaliana nazo ni tangazo. Hakuna mfuniko uliobadilishwa wala bodi iliyoandikwa upya. Ni T480s nzima, prosesa ya kizazi cha 8, na Windows 11 itaingia bila matatizo. Muuzaji alidondosha herufi, au aliyemuuzia yeye ndiye aliyeidondosha. Hapa swali si tena la udanganyifu. Swali ni mnunuzi alitaka nini. Kama alitaka mashine nyepesi ya kubeba begani, amepata bora kuliko alichoomba. Kama mpango wake ulikuwa kununua RAM mbili za GB 16 na kufikisha 32, mpango umekufa: T480s ina GB 4 au 8 zilizoganda kwenye bodi na nafasi moja tu ya kuongeza, na kiwango chake rasmi ni GB 24. Na kama anaishi mahali ambapo umeme hukatika na alitegemea kubeba betri ya akiba, T480s haina ya kubadilisha. Betri yake ikichoka, ni kufungua mfuniko.

Mnunuzi wetu alitaka RAM. Akajibu: "Kaka, nashukuru sana kwa picha, zimeeleweka zote. Hii ni T480s, si T480. Mashine ni nzuri ila mimi nahitaji yenye nafasi mbili za RAM. Ukipata yenye lebo ya 20L5 au 20L6 nitafute, pesa ipo. Na kwenye tangazo ongeza herufi s, kuna watu wanaitafuta hiyohiyo." Jibu la namna hii linamwacha muuzaji akiwa upande wako. Ana mzigo mwingine unaokuja, na sasa anajua namba gani ya kutazama.

Picha zisipokubaliana zenyewe kwa zenyewe, jibu ni fupi zaidi. Lebo ikisema 20L5 na BIOS ikisema 20HE, amini BIOS, na uulize mashine imefunguliwa lini na kwa kazi gani. Familia ikiwa ileile lakini S/N ya lebo na ya BIOS zinatofautiana, mashine imeunganishwa kutoka mbili, au bodi ilibadilishwa. Muuzaji akieleza mwenyewe bila kubanwa, unaweza kuendelea naye kwa bei ya chini. Akikana kilichomo kwenye picha aliyoipiga mwenyewe, mwache. Na mzigo ukifika, kabla ya kumalizia malipo yaliyobaki kama mlikubaliana hivyo, fungua hapohapo kwenye ofisi ya basi, soma S/N yote, na ulinganishe na picha.

Barua hiihii inafaa kwa chapa nyingine ukibadilisha maneno machache. Kwa Dell, omba lebo yenye Service Tag, ambayo ina herufi na namba saba. Ukiiandika kwenye tovuti ya Dell inakupa mashine ilivyotoka kiwandani, hivyo muuzaji atakayeiziba yote anakunyima mengi. BIOS ya Dell hufunguliwa kwa F2. Kwa HP EliteBook 840, kinachodondoka kwenye matangazo ni herufi G na namba yake: G3 na G4 zinafanana kwa umbo, ilhali moja ni ya kizazi cha 6 na nyingine cha 7. Omba lebo ya chini pamoja na ukurasa wa taarifa za mashine unaotokea ukibonyeza Fn na Esc kwa pamoja.

Kwa MacBook, picha ya chini peke yake haitoshi hata ikiwa safi kiasi gani. Namba inayoanza na A iliyochongwa hapo inaweza kubeba miaka mingi. A1466 ni MacBook Air ya inchi 13 kuanzia 2012 hadi 2017, na A2338 ni MacBook Pro ya M1 ya 2020 na pia ile ya M2 ya 2022. Huko omba picha ya About This Mac, iliyopigwa kwa simu huku kibodi ikionekana, na usome mstari wa mwaka na wa chipu.